Kundi la WhatsApp la habari za kata: namna ya kuliendesha Mchombe

Kundi la WhatsApp la kijiji au kata huanzishwa kwa nia njema ya kupeana habari. Wiki chache baadaye habari zenyewe hazionekani tena. Zimefunikwa na salamu za asubuhi, picha za maua, matangazo ya mikopo na maneno ambayo hayajulikani yalikotoka. Mtu aliyerudi shamba jioni anafungua simu na kukuta jumbe mia mbili. Ule mmoja aliouhitaji, kwamba kesho zahanati ina kliniki ya watoto, umezama katikati.

Makala hii inaeleza jinsi kundi la habari la eneo dogo kama Mchombe linavyoweza kuendeshwa likabaki na habari tu, na habari hizo zikawa za kuaminika.

Chifu wa Lanet Umoja

Mfano unaojulikana sana Afrika Mashariki ulitoka kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2012 vyombo vya habari vya nchi nyingi vilitangaza habari za Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja karibu na Nakuru, aliyekuwa akitumia mtandao wa Twitter kuwapa taarifa watu wa eneo lake. Usiku mmoja, saa kumi alfajiri, alipigiwa simu kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Akaandika ujumbe mmoja. Baada ya dakika chache majirani walikuwa wamejaa nje ya nyumba ile na wezi wakakimbia. Siku nyingine alitangaza kondoo aliyepotea, akataja rangi yake na kamba iliyokuwa shingoni mwake.

Eneo lake lilikuwa na wakazi wapatao 28,000, lakini waliomfuata rasmi mtandaoni hawakuzidi mia chache. Taarifa ziliwafikia maelfu kwa sababu wengine walizipata kama meseji kwenye simu za kawaida, na wengine wakatumiana wao kwa wao. Kilichofanya kazi hapo ni mambo matatu. Aliyeandika alikuwa mtu mmoja anayejulikana, ujumbe wake ulikuwa mfupi wenye mahali na alama za kutambua, na mwenye kitochi hakuachwa nje.

Kundi la kutangaza, namba ya kupokea

Kosa la makundi mengi ni kuchanganya kutangaza na kuzungumza. Dawa yake iko ndani ya WhatsApp yenyewe. Admini akigusa jina la kundi na kushuka kwenye mipangilio yake, atakuta sehemu ya kuchagua nani anaruhusiwa kutuma ujumbe. Akichagua admini peke yao, wanachama wote watasoma lakini hawataweza kuandika. Kundi moja hubeba hadi watu 1,024, idadi inayotosha vijiji kadhaa.

Mwanachama mwenye habari huituma kwa namba ya admini, kwa meseji, kwa kupiga simu au kwa ujumbe wa sauti. Namba hiyo iandikwe kwenye maelezo ya kundi ili ionekane siku zote. Wanaotaka kupiga soga wawe na kundi lao pembeni.

Maadmini watatu wanatosha. Mmoja akiwa shambani au simu yake imekwisha chaji, wawili wapo. Ni vizuri wasiwe wa kitongoji kimoja wala chama kimoja cha siasa, maana siku ya ugomvi watu huangalia kwanza nani ameandika.

Waamue pia saa ya kutangaza. Saa moja jioni inafaa, kwa sababu watu wengi wamesharudi nyumbani. Taarifa zote za siku ziwekwe pamoja kwa maandishi, kwani picha na video hula bando. Nje ya saa hiyo kitumwe cha dharura tu, kama moto, mafuriko, mtoto aliyepotea au barabara iliyofungwa. Hapo simu ikilia mchana, kila mtu atajua kuna jambo.

Kwa wenye kitochi, kila kitongoji kiwe na mtu mmoja wa kupokea taarifa na kuziandika kwenye ubao mahali watu wanapokusanyika, kama dukani au kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Dharura aisambaze kwa meseji au kwa mdomo.

Kuhakikisha kabla ya kutangaza

Katika Delta ya Mto Tana nchini Kenya, wakulima na wafugaji walipigana mwaka 2012 hadi mwanzoni mwa 2013 na watu zaidi ya mia moja wakafa. Uvumi ulichangia kuchochea mapigano hayo. Baadaye shirika la Sentinel Project lilianzisha huko huduma iliyoitwa Una Hakika. Mwananchi aliyesikia jambo la kutisha aliliripoti kwa simu, watu waliojitolea vijijini wakalifuatilia kwa wanaohusika, kisha waliouliza wakarudishiwa jibu kama ni kweli, si kweli, au bado haijajulikana. Bonde la Kilombero nalo ni la mto, mashamba na mifugo, kwa hiyo utaratibu huo unatuhusu.

Tuchukue mfano wa masika. Ni Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi. Admini anapokea ujumbe huu: "Daraja kati ya Mbingu na Ifakara limesombwa, hakuna gari." Juu yake kuna mishale miwili, alama ambayo WhatsApp huweka kwenye ujumbe uliopita mikono mingi. Maana yake aliyeutuma huenda hakuona chochote.

Hatua ya kwanza ni kumuuliza aliyetuma: umeona mwenyewe au umetumiwa, na ilikuwa saa ngapi? Anasema ametumiwa na shemeji yake. Hatua ya pili ni kupiga simu kwa watu wawili ambao hawakupeana habari. Dereva wa bodaboda aliye Mbingu anasema yuko hapo, daraja limesimama, ila maji yamepita juu ya barabara kabla ya kulifikia. Karani wa tiketi stendi ya Ifakara anasema basi la asubuhi halijaondoka, linasubiri maji yapungue. Hatua ya tatu ni mwenye mamlaka: mtendaji wa kijiji kilicho karibu na daraja au ofisi ya TANROADS. Mtendaji anathibitisha, na anasema pikipiki nazo zimezuiwa.

Sasa admini anaandika:

"MCHOMBE, Jumanne saa 1:15 asubuhi. Barabara ya Ifakara: maji yamefunika barabara upande wa Mbingu. Daraja HALIJASOMBWA. Mabasi na pikipiki vimesimama. Chanzo: mtendaji wa kijiji na dereva aliye hapo. Taarifa nyingine saa 5."

Angalia saa. Ujumbe usio na saa huendelea kuzunguka kwa siku tatu, na mtu wa Alhamisi akadhani barabara bado imefungwa. Angalia pia ahadi ya saa 5. Hata kama hakuna jipya ifikapo saa hiyo, iandikwe kwamba hali ni ile ile, la sivyo watu watarudi kwenye uvumi.

Familia yenye mama mwenye uchungu aliyepewa rufaa ya kwenda Ifakara inategemea maneno hayo. Wakiamini daraja limesombwa, wanaweza kukata tamaa wakabaki nyumbani wakati maji yatapungua baada ya saa mbili. Wakiambiwa njia ni nzuri wakati imefungwa, watakwama porini na mgonjwa. Wakijua ukweli, watabaki na mgonjwa zahanati, watamwomba mganga apige simu hospitali, na watauliza stesheni ya TAZARA kama kuna treni siku hiyo.

Na jambo lisipothibitika, iandikwe hivyo: "Tumesikia barabara imefungwa. Hatujathibitisha. Tunarudi saa 3."

Bei ya mpunga

Taarifa nyingine inayotafutwa bondeni ni bei, na ndiyo inayopotosha kwa urahisi. Ukiandika bei ya gunia bila maelezo umewasaidia madalali, kwa sababu gunia la kawaida na lumbesa si kitu kimoja. Ujumbe wa bei utaje kama ni mpunga au mchele, mkavu au mbichi, kipimo ni kilo kwa mizani, debe au gunia, ni mashineni au shambani, na ni siku gani. Bei iulizwe kwa mnunuzi na kwa mkulima aliyeuza siku hiyo hiyo. Wakitofautiana, ziandikwe zote mbili.

Yasiyoingia kundini

Picha ya mtu anayetuhumiwa wizi isiwekwe. Kule Lanet Umoja umati uliwafukuza wezi, lakini umati huo huo ukipewa sura na jina usiku unaweza kuua asiye na hatia. Andika mahali na kilichoibwa, na namba ya kituo cha polisi. Ugomvi wa mifugo kuingia shambani usiandikwe kwa kutaja kabila. Taja eneo, idadi ya mifugo na kiongozi aliyearifiwa. Majina ya wagonjwa na picha za maiti zisiwekwe kabisa.

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamhusu anayechapisha habari anayojua ni ya uongo kwa lengo la kupotosha umma. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Kumbuka pia kwamba katika kundi la kawaida kila mwanachama huona namba za wenzake. Matapeli hujiunga kwa ajili hiyo tu. Mtu aulizwe kabla ya kuingizwa, na linki ya kundi isibandikwe hovyo. Ukipokea meseji ya "tuma kwenye namba hii", ipeleke pamoja na namba ya tapeli kwenye 15040, bila malipo.

Utajuaje kama kundi linafanya kazi?

Idadi ya wanachama haitakuambia. Kila mwisho wa mwezi, admini awaulize watu kumi tofauti, watano kati yao wenye kitochi: habari ya barabara ya juzi uliipata lini, na kwa nani? Kama wenye kitochi waliipata kesho yake, tatizo liko kwenye ubao wa kitongoji. Kama wengi waliisikia kwanza kwenye kijiwe cha bodaboda, basi maadmini wanachelewa kuhakikisha, na inabidi waongeze watu wa kuwapigia simu kandokando ya barabara.

Na pale admini anapokosea, masahihisho yaende kwenye kundi lile lile, yakianza na neno SAHIHISHO na kutaja ujumbe wa awali. Kuufuta kimya kimya hakusaidii, kwa sababu aliyekwisha kuusoma na kuusambaza hatajua kwamba umebadilika.