Chati ya pau za ratiba
Ni chati ya pau zilizoungana ambayo pau ya kwanza hufichwa, ya pili ikabaki kuonyesha muda wa kazi. Tuseme ghala la mpunga linajengwa Kasumulu, Kyela: msingi 1 Juni 2026, siku 10, kuta 11 Juni, siku 14, paa 25 Juni, siku 7. Katika Excel, tarehe na siku huchorwa kwa `Stacked Bar`, kisha pau za tarehe huwekewa `No Fill`. Kushoto hubaki nafasi tupu. Huondolewa kwa kuandika 46174, yaani 1 Juni 2026, kwenye `Minimum` ya mhimili wa tarehe, maana Excel huhesabu tarehe kwa siku tangu 1900. Kwenye chati, paa likikaa chini ya msingi ndipo sawa, kwa kuwa kazi hufuatana kutoka juu kwenda chini. Likitokea juu, chagua `Categories in reverse order` kwenye mhimili wa kazi. Chati haijui kwamba paa husubiri kuta: kuta zikichelewa, tarehe hubadilishwa kwa mkono.