Kutoka ripoti za ziara hadi muhtasari wa zoni ya afya

Vituo vingi vya afya vya makanisa mashariki mwa Kongo vinafanya kazi ndani ya zoni za afya za serikali. Msimamizi wa ofisi kuu ya zoni anapotembelea kituo anajaza ripoti, na ripoti za mwezi zinakusanywa kuwa muhtasari mmoja. Kwa muhtasari huo mganga mkuu wa zoni anaomba dawa na watumishi. Ndugu zetu walio katika kamati za CODESA wanausoma pia, na mara nyingine hawaoni ndani yake shida wanayoijua nyumbani. Tueleze basi namna ya kutoa katika ripoti hizo habari tatu: dawa zilizoisha, watumishi wanaokosekana, na maneno ya msimamizi.

Tuanze na dawa, maana hapo ndipo habari nyingi hupotea. Tuseme msimamizi anafika kituoni tarehe 4 Juni. Anaangalia artemeta-lumefantrini ya watoto wadogo, pakiti ya vidonge 6, anakuta pakiti 30, anaweka alama «ipo». Mwandishi wa muhtasari akiishia kwenye alama hiyo, ataandika kwamba dawa haikuisha. Lakini nakala ya fishi ya stoki iliyoambatanishwa inaonyesha salio 0 tangu tarehe 1 hadi 8 Mei. Kinachopaswa kuandikwa ni «siku 8 bila dawa mwezi wa Mei», pamoja na jina la pakiti yenyewe. Kusema «dawa ya malaria» haitoshi, kwa sababu pakiti ya watu wazima ilikuwapo muda wote.

Siku hizo 8 zinabadilisha pia hesabu ya agizo. Mwezi huo zilitolewa pakiti 46. Dawa ilikuwapo siku 23 tu, kwa hiyo zilitoka pakiti 2 kwa siku, na mwezi wa siku 31 unahitaji 62. Zoni ikiagiza kwa kufuata ile 46, kituo kitakosa pakiti 16 hata kama wagonjwa hawaongezeki.

Kuna dalili nyingine. Dawa ya watoto ikiisha, wauguzi hukata pakiti ya mtu mzima yenye vidonge 24 wakatibu watoto wanne. Basi pakiti za watu wazima zikitoka kwa wingi kwa siku chache, nasi katika rejista hatuoni watu wazima wengi, tuitazame fishi ya pakiti za watoto. Na pale fishi ilipoachwa tupu, tunaandika «haikujazwa». Hatuandiki 0, wala hatuandiki «hakuna shida».

Kwa watumishi, swali ni nani anakosekana na kwa nini. Katika kituo hichohicho mpango unataka wauguzi 4, na msimamizi alikuta 2. Ukisoma vizuri ripoti yake, wa tatu alikuwa mafunzoni kwa wiki mbili, na nafasi ya nne haijapata mtu. Muhtasari ukisema «wanakosekana 2», zoni itatafuta watu wawili wakati mmoja atarudi mwenyewe. Tunaandika nafasi 1 wazi na mtu 1 hayupo kwa muda. Anayefanya kazi bila mshahara wa serikali tunamhesabu kuwa yupo, kisha tunaitaja hali yake pembeni, kwa sababu huyo ndiye anayeweza kuondoka wakati wowote.

Maneno ya msimamizi tunayanakili jinsi alivyoyaandika, na tarehe yake. «Friji ya chanjo ilikuwa na digrii 12» ni jambo alilosoma kwenye kipimo, na linataka hatua siku hiyohiyo, maana chanjo huhifadhiwa kati ya digrii 2 na 8. «Muuguzi anasema friji inasumbua» ni jambo aliloambiwa. Tukifupisha yote mawili kuwa «shida ya friji», mganga mkuu hatajua lipi ni la haraka. Tunafungua pia ripoti ya ziara iliyotangulia: neno likijirudia, tunaandika ni mara ya ngapi. Sentensi moja ikionekana neno kwa neno katika vituo vinne, tunamwuliza msimamizi kama aliiandika kituoni au ofisini.

Mwisho tunahesabu vituo vyenyewe. Zoni ikiwa na vituo 18, na 13 tu vimetembelewa, tunasema dawa iliisha katika vituo 3 kati ya 13, kisha tunavitaja kwa majina vile 5 visivyofikiwa na sababu yake, iwe barabara au usalama. Kabla ya muhtasari kupelekwa, kila muuguzi mkuu anasomewa mstari wa kituo chake, hata kwa simu. Hapo ndipo tarehe zilizokosewa hupatikana.