Barua ya Kujiuzulu na Kura Isiyopigwa

Mkurugenzi huru anapojiuzulu kwa ikhtilafu juu ya biashara ambayo wakuu wa kampuni wanaifanya na jamaa zao, aghalabu huhesabiwa kuwa ametimiza wajibu wake kwa kule kuondoka kwenyewe; nami naona hesabu hiyo imekosea, kwa sababu barua ya kujiuzulu ni ushahidi, na ushahidi huo hupata uzito kutokana na yale aliyoyatenda shahidi wakati baraza lilipokuwa limekaa na kura zikipigwa.

Tarehe 16 Desemba 2008 bodi ya Satyam, kampuni ya huduma za kompyuta iliyokuwa na makao makuu Hyderabad, India, iliidhinisha kununua hisa zote za Maytas Properties kwa dola bilioni 1.3 na asilimia 51 ya hisa za Maytas Infra kwa dola milioni 300, na kampuni hizo mbili, za ardhi na ujenzi, zilikuwa mikononi mwa ahali ya mwenyekiti, Ramalinga Raju. Shaka ya kwanza haikuhitaji ujuzi wa siri yoyote. Ahali hiyo ilikuwa na takriban asilimia 8 tu ya hisa za Satyam, na katika kampuni zilizouzwa ilikuwa na sehemu kubwa zaidi; basi katika kila dola 100 ambazo bei ingezidi thamani ya kweli, hasara ya dola 92 hivi ingewaangukia wanahisa wengine, na faida ingerudi kwa wale wale walioleta pendekezo. Wanunuzi wa hisa waliiona hesabu hii papo hapo: siku ile ile hati za Satyam katika soko la New York zilipoteza zaidi ya nusu ya bei yake, na ununuzi ukafutwa kabla ya mapambazuko ya pili.

Mangalam Srinivasan, mkurugenzi huru aliyekaa muda mrefu kuliko wenziwe, alijiuzulu kwa barua ya tarehe 25 Desemba, na wakurugenzi wengine watatu wakamfuata kwa muda wa siku chache. Katika barua yake alieleza kwamba alikuwa na mashaka mengi juu ya sababu na muundo wa muamala, lakini hakupiga kura ya kuupinga, na kwa hiyo alibeba lawama ya kimaadili. Naiheshimu barua hiyo kwa unyofu wake, maana wengi hujificha nyuma ya wingi wa kazi. Hata hivyo inadhihirisha upungufu ambao ufasaha wowote haungeuziba. Mashaka yaliyotamkwa bila kufuatwa na kura hayamzuii katibu kuandika kwamba uamuzi ulipita kwa kauli moja, na mwanahisa, benki au hakimu atakayeyafungua madaftari hayo baadaye ataikuta kauli hiyo moja.

Tarehe 7 Januari 2009 Raju aliungama kwamba fedha taslimu zilizoandikwa katika mizania zilizidishwa kwa rupia bilioni 50.4, na kwamba ununuzi wa Maytas ulikuwa jaribio lake la mwisho la kuijaza nafasi ya mali isiyokuwapo kwa mali halisi. Hapana barua ya Desemba ambayo ingeweza kuyasema hayo, wala si sharti mkurugenzi athibitishe wizi ndipo apinge. Yamtosha kusema kwamba muuzaji na mnunuzi ni jamaa, na kwamba bei haikupimwa na mthamini asiyefungamana na yeyote kati yao.

Kwa hiyo barua iliyo kamili huutaja muamala kwa jina lake na thamani yake, ikabainisha ni nani mwenye maslahi pande zote mbili, ikaeleza mwandishi aliomba nini na akanyimwa nini, kisha ikataja tarehe ya mkutano na kura aliyoipiga. Isiseme zaidi ya anayoyajua, kwa kuwa tuhuma moja isiyo na hati huipa kampuni fursa ya kujibu tuhuma hiyo na kuyanyamazia mengine yote. Na ikiwa muamala haujakamilika, kuondoka mapema mno kwaweza kuwa msaada kwa wanaoutaka: kiti kikiwa wazi, mpingaji hayumo tena barazani, na anayefaa zaidi ni yule aliyebaki hadi kura yake ya kupinga ikaingia katika muhtasari.

Kanuni za soko la India sasa zinaitaka kampuni iyapeleke kwa masoko ya hisa, ndani ya siku 7, maelezo ya sababu za mkurugenzi huru kujiuzulu, pamoja na uthibitisho wake kwamba hapana sababu nyingine yenye uzito. Uthibitisho huu una nguvu, kwani anayeandika kwamba anaondoka kwa shughuli zake binafsi, ilhali moyoni anajua ni bei ya ardhi ya jamaa wa mwenyekiti, ametia saini uongo badala ya kunyamaza tu. Lakini kanuni hiyo huanza kazi siku ya kuondoka. Mkutano ulikwisha fungwa, na kura iliyopigwa humo, au isiyopigwa, haibadilishwi na barua.