Utambuzi wa usemi mbadala katika ufahamu

Utambuzi wa usemi mbadala ni uwezo wa msomaji kuona kwamba swali la ufahamu na sentensi fulani ya kifungu vinasema jambo moja ingawa maneno yake hayafanani. Ndio msingi wa maswali mengi ya ufahamu katika mitihani ya Kiswahili na Kiingereza inayotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Mtunzi akirudia maneno ya kifungu katika swali, mwanafunzi atapata jibu kwa kulinganisha herufi tu, bila kuelewa alichosoma. Kwa hiyo mtunzi hubadilisha maneno na kubakiza maana.

Kifungu kifuatacho kimetungwa kwa ajili ya makala haya, kikihusu biashara inayofahamika kwa wanafunzi wa Njombe na Makambako:

“Mkulima wa Njombe hukodi lori kupeleka viazi Makambako, mji ambako reli ya TAZARA inakutana na barabara kuu ya Tunduma. Huko wanunuzi humsubiri. Hata hivyo, asipouza siku hiyo, hulazimika kukubali bei ya chini, kwa kuwa viazi vyake huwa vimenyeshewa, navyo havikai. Baadhi ya wakulima sasa huchangia gari moja.”

Swali: Mkulima hupunguza bei kwa sababu gani? (A) Lori la kukodi ni ghali. (B) Wanunuzi humsubiri Makambako. (C) Zao lake huharibika upesi. (D) Wakulima wote huchangia gari.

Jibu ni C, na ndilo pekee ambalo halina hata neno moja la maana lililochukuliwa kwenye kifungu. A, B na D zimejaa lori, wanunuzi, Makambako na gari. Mwanafunzi anayewinda maneno atavutwa na hizo tatu, na hiyo ndiyo kazi zilizotungiwa. D ina mtego wa pili: “baadhi” imegeuzwa “wote”. Maneno madogo ya kiasi kama hayo yakibadilika, maana imebadilika, hata kama sentensi nyingine yote imebaki ilivyo.

Kutoka “havikai” hadi “huharibika upesi” kuna hatua mbili. Kwanza, ukanushi umeondolewa: kitu kisichokaa ni kitu kinachoharibika mapema. Pili, “viazi” vimeitwa “zao”, yaani jina la jumla limeshika nafasi ya jina mahususi. Katika Kiswahili badiliko hili la pili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu nomino ikihama ngeli huvuta viambishi vyote. “Viazi vyake havikai” huwa “zao lake halikai”: kitu ni kilekile, lakini vi- imekuwa li- sentensi nzima. Msomaji aliyezoea kufuata uzi wa habari kwa upatanisho wa kisarufi huona kama sasa panazungumzwa kitu kingine. Mazoezi ya visawe peke yake, ambayo ndiyo hutolewa kwa wingi darasani, hayamfundishi kuvuka hapo.

Njia ya kufanya kazi ni fupi. Msomaji hutafuta kwanza katika swali yale yasiyobadilishwa kwa urahisi, kama majina ya mahali na miaka, ili ajue sehemu ya kifungu ya kusoma upya. Kisha huchukua jibu analolidhani na kuliweka mahali pa sentensi ya awali. Kama habari inabaki kweli na hoja inaendelea vilevile, usemi ni mbadala. B inashindwa hapa: ni kweli kwamba wanunuzi humsubiri, lakini haielezi kwa nini bei inashuka.

Mwalimu hutambua upungufu kwa kusoma majibu ya kuandika. Jibu linaloanza na “Hata hivyo, asipouza siku hiyo…” limenakiliwa. Kiunganishi kimekuja nalo bila kazi yoyote. Akiuliza swali lilelile kwa maneno ya kifungu, na mwanafunzi akalipata, tatizo si habari yenyewe. Kinachobaki ni kupima msamiati, nao una pande mbili. Mtoto wa Makambako anajua lumbesa ni nini tangu akiwa gulioni, ila anaweza kukwama swali likisema “ufungashaji unaozidi kipimo halali”. Huyo hana upungufu wa utambuzi. Anahitaji kuelezwa maneno hayo rasmi, basi.

Ujuzi huu una mpaka. Swali linalotaka kichwa cha habari kinachofaa, au funzo la kifungu, halina sentensi moja ya kulinganishwa nayo. Hapo msomaji hana budi kukijumlisha kifungu chote.