Candiru si Lulu: Majina ya Sifa ya Mpenzi katika Arua na Koboko na Tatizo la Kuyatafsiri kwa Kiswahili

Mtafsiri anayekabidhiwa nyimbo za mapenzi za Walugbara wa Arua ili aziweke katika Kiswahili hukutana mapema na jambo lisilotarajiwa. Kijana anapomsifu msichana ampendaye humwita kwa jina lake, na mara nyingi jina hilo, likichukuliwa neno kwa neno, halina sifa yoyote. Candiru ni jina linalotokana na neno lenye maana ya taabu na umaskini. Draru linatokana na neno la kifo. Lekuru linabeba kukanusha kwa kupenda, yaani asiyependwa au asiyetakiwa. Yapo pia majina ya furaha, kama Ayikoru, lakini hayo hayamsumbui mtafsiri. Kinachomsumbua ni kwamba jina la taabu, likiimbwa mahali pake, hupokelewa na wasikilizaji kama tamko la heshima kubwa, ilhali likihamishiwa Kiswahili huonekana kama tusi au kama kosa la uchapaji.

Makala haya yanadai kwamba ukuu wa majina hayo haumo katika maana ya kamusi wala katika uzuri wa taswira. Umo katika historia ya namna jina lilivyotolewa, katika sauti inayolibeba, na katika mahali linapofungamanishwa napo. Mtafsiri asiyejua mambo hayo matatu atageuza kila jina kuwa lulu au malaika, na wanafunzi wa shule watakaosoma kazi yake watadhani kwamba watu wa Nili ya Magharibi waliwasifu wapenzi wao kwa vitu vya baharini.

Jina kama lalamiko la mama

John Middleton, mwanaanthropolojia aliyeanza utafiti wake miongoni mwa Walugbara mwaka 1949, aliandika mwaka 1961 makala mahususi kuhusu maana ya kijamii ya majina yao binafsi. Aligundua kwamba majina mengi hutolewa na wanawake, hasa mama mzazi, na kwamba mengi yanataja mabaya: vifo vilivyotokea nyumbani, ufukara, uvivu au ukali wa mume, masengenyo ya majirani. Baada ya Middleton, padre na msomi A. T. Dalfovo aliendelea kuyachunguza majina hayo kwa kuyahusisha na dini.

Umuhimu wa jambo hili kwa mtafsiri ni mkubwa. Mama wa Kilugbara ni mgeni katika ukoo wa mumewe, kwa kuwa ndoa hufungwa nje ya ukoo. Katika baraza la wazee wa mume hana nafasi ya kusema aliyoyapitia. Mtoto anapozaliwa, hata hivyo, ana nafasi ya kumpa jina, na jina hilo litatamkwa na kila mtu wa boma, pamoja na wale linaowashtaki. Mkwe aliyemnyima chakula mwaka wa njaa atalazimika kuita “Taabu” kila asubuhi. Kwa hiyo jina ni ushahidi unaoishi, na msichana aliyekua akilibeba ni uthibitisho kwamba mama yake alivumilia na akamlea.

Kijana wa ukoo mwingine anapoliimba jina hilo katika walangaa, ngoma ya vijana, hafanyi kazi ya kubuni sifa mpya. Anachukua lalamiko la mwanamke mzima na kulitamka kwa furaha mbele ya watu. Wanaosikia wanajua, angalau kwa jumla, lalamiko lilitoka wapi. Hapo ndipo ukuu ulipo: jina lilikusudiwa kuwa aibu kwa ukoo fulani, na sasa mgeni amekuja kulipokea kama tunu.

Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina. Waswahili nao wamewaita watoto wao Tabu, Shida, Mashaka na Matatizo, na msikilizaji wa Tanga au Unguja hahitaji kuelezwa kwamba mtu anayeitwa Shida hatukanwi. Mtafsiri wa Kiingereza analazimika kuandika tanbihi ndefu. Mtafsiri wa Kiswahili anaweza kuandika “Tabu” na nusu ya kazi ikawa imekwisha. Inashangaza kwamba ni wachache wanaoitumia bahati hiyo.

Uhusiano wa lugha hizi mbili umekwenda pia upande wa pili. Majina Munguci, Mungufeni na Munguleni, ambayo ni ya kawaida sana Arua, yameundwa kwa neno la Kiswahili “Mungu” pamoja na vitenzi vya Kilugbara vya kuwapo, kutoa na kupenda. Walugbara hawakutafsiri neno hilo. Walilichukua zima na kuliingiza katika sarufi yao ya majina, nalo likapata ukuu wa huko. Ni mfano unaofaa kufikiriwa na yeyote anayeamini kwamba tafsiri njema ni lazima ibadilishe kila neno.

Sauti ya jina

Kilugbara ni lugha ya toni, na Kikakwa cha Koboko, ingawa ni cha familia nyingine ya lugha kikiwa karibu na Kibari cha Sudan Kusini, ni cha toni vilevile. Kiswahili sanifu hakina toni. Mkazo wake hukaa karibu daima katika silabi ya pili kutoka mwisho. Tofauti hii huonekana ndogo katika karatasi, lakini katika majina ya sifa ndiyo hasara kubwa kuliko zote.

Walugbara wana kitu kinachoitwa cere, yaani mwito wa mtu binafsi unaotolewa kwa sauti nyembamba ya juu na kuvutwa kwa muda mrefu. Cere ina maneno, lakini inatambulika kwa mkondo wake wa sauti. Mtu anaporudi nyumbani jioni au anapoingia katika uwanja wa ngoma, walio mbali humjua kabla hawajamwona. Jirani zao Waacholi, ng’ambo ya Nili, wana desturi ya jamaa na hiyo: mwoc, sifa ya mtu binafsi, ambayo kijana aliweza pia kuipuliza kwa pembe. Okot p’Bitek alizikusanya baadhi ya sifa hizo pamoja na nyimbo za mapenzi katika kitabu chake cha mwaka 1974, akiwa tayari amekiri, mwanzoni mwa tafsiri yake mwenyewe ya Wimbo wa Lawino ya mwaka 1966, kwamba mahadhi na vina vya Kiacholi vilipotea njiani. Kitabu hicho cha Lawino kilipofika katika Kiswahili kwa mkono wa Paul Sozigwa, kilikuwa kimevuka lugha mbili.

Mkondo wa sauti wa cere hauwezi kuhamishwa. Linaloweza kuhamishwa ni urefu wake na nafasi yake. Mtafsiri anayeanza mstari kwa jina lenyewe, akalirudia, na kuacha sifa zifuate polepole, atakuwa amehifadhi kitu fulani cha mwito. Anayelificha jina katikati ya sentensi yenye vitenzi vingi amelipoteza kabisa.

Mfano mmoja

Chukua mfano uliotungwa kwa ajili ya hoja hii tu: kijana wa Koboko anamwita msichana Candiru, na kumfungamanisha na mlima Eti, ambao katika ramani huitwa Wati. Chaguo la mlima si pambo. Katika masimulizi ya asili ya Walugbara, mashujaa wawili ndio mababu wa koo zao, Jaki na Dribidu. Jaki anahusishwa na mlima Liru ulioko Koboko, na Dribidu na mlima Eti. Kumwita msichana mtoto wa Eti ni kumpa nasaba ya shujaa, na kijana anayesimama upande wa Liru anajitaja mwenyewe bila kujitaja.

Tafsiri ya kwanza inayowezekana ni “Mateso wa Wati”. Ni sahihi kikamusi, nayo imekufa. “Mateso” katika Kiswahili si jina la mtu aliyezoeleka, na linaleta picha ya gereza. Tafsiri ya pili ni “Lulu ya mlimani”. Hii ndiyo inayopendwa, kwa sababu inasikika kishairi, na kwa kweli ina ukoo mtukufu: nyimbo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, zilizochapishwa kwa pamoja huko Köln mwaka 2004, zina sifa za mwanamke zinazohesabu viungo vyake na kuvilinganisha na vitu vya thamani. Lakini huo ni ukuu wa bandarini, wa vitu vilivyofika kwa jahazi. Katika “Lulu ya mlimani” mama ametoweka, Dribidu ametoweka, na msichana amekuwa bidhaa nzuri.

Tafsiri ya tatu huacha jina na kulieleza ndani ya mstari: “Candiru, Mwana Candiru, Tabu aliyoitamka mama, binti wa Eti alikolala Dribidu.” Ni ndefu kuliko ya asili, na mwimbaji angeilalamikia. Hata hivyo imefanya mambo manne. Jina limetangulia na kurudiwa, kama mwito. “Mwana” limerudisha alama ya kike iliyomo katika kiishio cha -ru, ambayo Kiswahili hakina, tena kwa neno ambalo pwani ni la heshima ya mwanamke, kama katika Mwana Kupona. “Tabu” limeegemea desturi ya majina ya Waswahili wenyewe. Na Eti limebaki Eti. Kwa chapa ya shule huenda ikafaa kuandika “Chandiru”, kwa kuwa herufi c ya Kilugbara hutamkwa hivyo, na mwalimu wa Mbarara hawezi kulijua hilo.

Kwa upande wa Wakakwa ugumu ni mwingine. Majina kama Lado, Wani, Poni na Keji, yanayojulikana kotekote miongoni mwa wasemaji wa Kibari na jamaa zake, hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Kuna Keji wengi sana, na jina peke yake halimtofautishi mpenzi na yeyote. Sifa hapa hubebwa na kinachofuata jina: baba, ukoo, kijito. Mtafsiri anayefupisha orodha hiyo kwa kuiona kama marudio anaondoa sifa yenyewe na kubakiza namba.

Kiswahili cha nani

Swali lililobaki linawahusu zaidi wanaoshauri kuhusu sera. Kiswahili kilifika Nili ya Magharibi hasa kupitia jeshi la kikoloni, ambalo liliandikisha vijana wengi wa eneo hili, na kupitia biashara na Kongo. Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa wa Koboko, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Baada ya utawala wake kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa eneo hili walikimbilia Zaire na Sudan, na waliokwenda Zaire waliishi miaka kadhaa kati ya Kiswahili cha Kongo na Kilingala. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni.

Kwa hiyo mzee wa Arua anaposikia Kiswahili, husikia kwanza amri ya kambini na bei ya sokoni. Nyimbo za mapenzi zikitafsiriwa kwa Kiswahili hicho zitachekwa. Zikitafsiriwa kwa Kiswahili cha tenzi za Lamu, hazitaeleweka na watoto ambao ndio wasomaji wake. Ipo njia nyembamba kati ya hizo mbili: sarufi sanifu, msamiati wa kawaida, na majina ya watu na milima yakiachwa yalivyo. Njia hiyo inahitaji kwamba katika kila jopo la kuandaa vitabu vya kiada awemo mwanamke mzee wa Kilugbara au wa Kikakwa ambaye ataulizwa, kwa kila jina, ni nani aliyelitoa na alikuwa akimwambia nani.