Malipo ya mwandishi wa pendekezo la ufadhili: Kwa nini asilimia huleta balaa

Kikundi kidogo kinapotafuta mtu wa kukiandikia pendekezo la ufadhili, neno la kwanza kusikika huwa ni lile lile: “Andika, tukifaulu tutakukatia asilimia kumi.” Kikundi hakina akiba, na mwandishi anahitaji kazi. Kwa hivyo pande zote mbili huona mpango huo kuwa wa haki. Ugumu hujitokeza pale fedha zinapoingia katika akaunti.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wanachama 30 katika kaunti ya Kitui kinachotaka kujenga bwawa la mchanga, yaani ukuta unaokinga mto wa msimu ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji. Kikundi kinaomba Sh2.4 milioni. Kati ya hizo, saruji na nondo zimetengewa Sh1,150,000, mafundi na mhandisi Sh620,000, usafirishaji Sh270,000, mafunzo Sh200,000 na usimamizi Sh160,000. Mawe, mchanga na vibarua ni mchango wa wanachama wenyewe.

Asilimia kumi ya fedha hizo ni Sh240,000. Zitatoka wapi? Hakuna kifungu cha bajeti kinachomtaja mwandishi, na hata fungu lote la usimamizi halimtoshi. Basi mweka hazina hugeukia fungu nono zaidi, ambalo ni saruji. Tukikadiria mfuko mmoja kwa Sh800, mwandishi ameondoka na mifuko 300. Ukuta utajengwa mfupi au dhaifu, na ili hesabu zilingane itabidi zitafutwe risiti za saruji ambayo haikununuliwa. Hapo makubaliano ya mdomo yamegeuka kuwa udanganyifu, na atakayeulizwa na mkaguzi ni mwenyekiti, si mwandishi.

Kuna wanaodhani kwamba suluhu ni kumwandika mwandishi waziwazi katika bajeti. Wafadhili wengi hukataa, kwa kuwa kazi hiyo ilifanyika kabla ya mkataba wa ruzuku kutiwa saini. Kanuni za ruzuku za serikali kuu ya Marekani, kwa mfano, kwa kawaida haziruhusu gharama za kuchangisha fedha kulipwa kutokana na ruzuku yenyewe. Vyama vya wataalamu wa fani hii nchini humo navyo huwakataza wanachama wao, katika kanuni zao za maadili, kulipwa kwa asilimia ya fedha zilizopatikana.

Mwandishi naye ana sababu zake za kukataa. Pendekezo la bwawa likimchukua siku tisa, la Sh12 milioni huenda likamchukua siku mbili zaidi tu, ilhali asilimia yake ni Sh1.2 milioni. Kishawishi cha kuvimbisha mradi hadi upite uwezo wa kikundi ni kikubwa. Kwa upande mwingine, pendekezo zuri linaweza kukataliwa kwa sababu mfadhili amebadilisha maeneo anayohudumia, na siku zake tisa zikapotea bure.

Njia iliyo salama ni ada maalumu inayokadiriwa kwa siku za kazi na kulipwa kwa fedha za kikundi chenyewe. Kwa Sh5,000 kwa siku, siku tisa ni Sh45,000. Wanachama 30 wakichanga Sh500 kila mwezi, watazipata kwa miezi mitatu. Theluthi moja hulipwa mkataba unapotiwa saini, ya pili rasimu ya kwanza inapokabidhiwa, na ya mwisho pendekezo kamili linapowasilishwa, liwe litakubaliwa au litakataliwa. Mchango huo una faida nyingine: mtu aliyetoa fedha yake huja mkutanoni kuuliza kilichoandikwa.

Kuuliza huko si jambo dogo. Mwandishi wa asilimia, kwa kuwa hana uhakika wa kulipwa, mara nyingi huchukua vikundi vingi kwa mpigo na kunakili andiko moja. Dalili zake huonekana mapema. Hafiki mtoni. Haulizi ni kaya ngapi huteka maji pale wala zinatembea umbali gani. Katika rasimu huachwa jina la mto wa kaunti nyingine. Aidha, hutaka barua pepe yake itumike katika mawasiliano na mfadhili, hivyo swali likija, kikundi hakina habari.

Ikiwa mwandishi atakuwa na kazi halisi ndani ya mradi, kama kukusanya takwimu za maji kila robo mwaka, anaweza kuwekwa katika bajeti kwa siku hizo. Mfadhili aelezwe hivyo tangu mwanzo, na malipo yafuate kazi itakayofanywa, yasiwe asilimia iliyovishwa joho jingine.

Mkataba wenyewe unaweza kutosha ukurasa mmoja. Utaje siku, ada, awamu za malipo na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha. Utamke pia kwamba pendekezo, jedwali la bajeti na faili zake zote za kompyuta ni mali ya kikundi, ili yakikataliwa mara ya kwanza, katibu aweze kuyarekebisha na kuyapeleka kwa mfadhili mwingine bila kulipa upya.