Mashahidi Waliorudi kwa Kadhi

Ndugu msomaji, huenda umepata kuwaona watu wawili wakisimama mbele ya kadhi, wakaapa, wakasema, kisha wakaenda zao. Je, umewahi kujiuliza mambo huwaje wakirudi siku ya pili na kusema, "Tulilolisema jana silo"?

Jambo hili lilimfika Sayyidna Ali bin Abi Talib (R.A.), na Imam Bukhari ameitaja habari hiyo katika mlango wa dia. Watu wawili walimshuhudia mtu kuwa ameiba, naye akakatwa mkono. Baadaye wakamleta mtu mwingine, wakasema, "Tulikosea, mwizi ni huyu." Sayyidna Ali hakuukubali ushahidi wao juu ya huyo wa pili. Akawalipisha dia ya mkono wa yule wa kwanza, na akawaambia kuwa lau angalijua kwamba walifanya kusudi, angaliwakata mikono wao.

Hebu tulipime neno hili. Dia ya mkono mmoja ni nusu ya dia ya nafsi, yaani ngamia 50. Mzigo huo waliubeba mashahidi, kwa kuwa ulimi wao ndio uliousukuma upanga. Lakini hawakupewa adhabu ya waongo, kwani walidai kuwa wamekosea, na kosa si sawa na uongo.

Kutokana na mambo kama haya, mafakihi walipanga kanuni. Shahidi akirejea nyuma kabla ya hukumu, kadhi hahukumu kwa ushahidi wake. Akirejea baada ya hukumu ya mali kwisha kutolewa, hukumu haivunjwi, bali shahidi hulipa alichokiharibu. Utauliza, kwa nini haivunjwi? Kwa sababu mtu huyu amesema maneno mawili yanayopingana, na la pili halina haki ya kusadikiwa kuliko la kwanza. Lau hukumu zingalivunjwa kwa kurudi kwa shahidi, mwenye fedha angaliweza kumnunua shahidi wa jana, na pasingalikuwa na kesi inayokwisha.

Na huyo mwongo wa makusudi atajulikanaje? Wanazuoni wa Kihanafi walikuwa waangalifu sana hapa. Hawakutosheka na shahidi mwingine kusema kinyume chake, kwani huenda mmoja wao amekosea. Walitaka akiri mwenyewe, au uongo uonekane wazi, kama vile mtu aliyeshuhudiwa kuwa amekufa akatokea mzima.

Kadhi Shureih wa Kufa, aliyewekwa na Sayyidna Umar (R.A.), alipompata mtu kama huyo alimpeleka sokoni kwake akiwa ni mtu wa soko, au kwa jamaa zake baada ya Alasiri, wakati watu wamekusanyika. Mjumbe akawaambia kuwa kadhi anawasalimu, na kwamba mtu huyu ameonekana ni shahidi wa uongo, basi wajihadhari naye. Imam Abu Hanifa aliona kutangazwa huko kunatosha. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, waliona apigwe na afungwe.

Huko Misri, katika karne ya 2 ya Hijra, makadhi waliona heri kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta. Kadhi Ghauth bin Suleiman alianza kuulizia siri za mashahidi, na Kadhi Mufadhal bin Fadhala akamweka mtu maalumu wa kazi hiyo. Lakini haikupita muda, watu wakaanza kunong'ona kuwa mwulizaji mwenyewe anapokea rushwa ili awataje watu kuwa ni waadilifu. Basi mlinzi naye alihitaji kulindwa.

Na anayelivunjia heshima baraza lenyewe, akabisha na kufanya inda mbele ya kadhi? Vitabu vya Kishafii vimepanga daraja tatu: kwanza humkataza, akirudia humkaripia, akirudia tena ndipo humtia adabu. Lakini kadhi naye amefungwa kamba. Mtume (S.A.W.) amekataza mwamuzi asihukumu baina ya watu wawili hali ya kuwa ameghadhibika. Kwa hivyo adabu hiyo ni kwa ajili ya baraza, isiwe ya kadhi kujilipizia kisasi.

Leo sheria za jinai za Kenya na Tanzania zinamwekea mwenye kuapa uongo mahakamani kifungo kinachoweza kufika miaka 7. Lakini kumbuka, msomaji, kifungo cha shahidi hakimrudishii aliyedhulumiwa kitu chake. Sayyidna Ali alianza na yule aliyekatwa mkono. Basi ukiitwa kushuhudia, sema uliloliona kwa macho yako, na usiloliona sema hukuliona. Na kama umekwisha kusema la makosa, rudi kwa kadhi kabla hajahukumu, maana baada ya hapo utarudi na deni.

Wallahu aalam.